Nani aguse prompti? Mfano wa chatiboti ya ufuta Nyamwage

Tarehe 14 Mei 2025, watu waliokuwa wakiiuliza Grok maswali ya kawaida kabisa kwenye mtandao wa X walianza kupata majibu ya ajabu. Unauliza habari za michezo, chatiboti inakujibu halafu inakuletea hoja za "mauaji ya halaiki ya wazungu" Afrika Kusini, jambo ambalo hukuliuliza. Siku iliyofuata kampuni yake, xAI, ikatoa maelezo. Kuna mtu alikuwa amebadilisha prompti ya Grok bila idhini, mnamo saa tisa na robo usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Utaratibu wa kukagua mabadiliko kama hayo ulikuwepo. Ulirukwa tu.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu neno. Prompti ninayoizungumzia hapa siyo swali unalouliza wewe mtumiaji. Ni yale maelekezo ambayo wenye chatiboti wameyaandika, na ambayo modeli husomewa kabla ya kila mazungumzo: wewe ni nani, jibu kwa lugha gani, mambo gani usiyaguse, ukikwama umpeleke mtu kwa nani. Mtumiaji hayaoni. Ni maandishi ya kawaida, kurasa mbili tatu, na yeyote anayejua kusoma na kuandika anaweza kuyabadilisha. Hapo ndipo penye utamu wake na hatari yake. Programu ya kompyuta ukikosea herufi moja mara nyingi inagoma kufanya kazi, unajua papo hapo. Prompti ukiibadilisha vibaya haigomi. Inaendelea kujibu kwa adabu ileile, ila inajibu kitu kingine.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa Grok. Februari mwaka uleule ilionekana kwamba ilikuwa imeelekezwa isitumie vyanzo vinavyosema Elon Musk na Donald Trump wanaeneza habari za uongo. Igor Babuschkin, mmoja wa waanzilishi wa xAI, alieleza kwamba mfanyakazi mmoja aliingiza sentensi hiyo akidhani inasaidia, bila kumwuliza mtu. Miezi mitatu baadaye likatokea la Mei. Ndiyo maana baada ya tukio la pili kampuni ilisema itaweka kizuizi ili mfanyakazi asiweze kubadilisha prompti bila kukaguliwa, itaziweka prompti zake hadharani kwenye GitHub, na itaweka watu wa zamu wa kuangalia majibu saa 24.

Sasa, unaweza kusema hayo ni ya makampuni ya mabilioni. Hebu tuyashushe hadi Nyamwage.

Chatiboti yenyewe

Nyamwage ni kata ya wilaya ya Rufiji, kusini mwa daraja la Mkapa, pale barabara ya kwenda Utete inapochepuka kutoka barabara kuu ya Kibiti kwenda Lindi. Wakulima wa huko hulima ufuta pamoja na korosho, na katika mkoa wa Pwani ufuta unauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, unapimwa na kuwekwa ghalani, halafu unauzwa kwa mnada. Fedha zinakuja baadaye, baada ya makato.

Tuchukulie kuna timu ya watu watano imetengeneza chatiboti ya WhatsApp ya kujibu maswali ya wakulima hawa. (Naandika chatiboti kwa makusudi. Ukisema "boti" kwa mtu wa Nyamisati atakuuliza inaondoka saa ngapi.) Timu hii ni ya kubuni, pamoja na tarakimu za bei nitakazotumia, lakini watu wake utawatambua. Kuna mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeandika programu, yuko Dar es Salaam. Kuna afisa ugani wa kata. Kuna katibu wa AMCOS. Kuna dada mmoja wa palepale anayerekebisha lugha, kwa sababu Kiswahili cha modeli kina tabia ya kunuka kitabu. Na kuna kiongozi wa mradi anayeshughulika na wafadhili.

Mwanzoni mambo huwa hivi: prompti iko kwenye faili moja kwenye seva, na anayeigusa ni mwanafunzi. Wengine wakitaka kitu wanamtumia ujumbe. Inafanya kazi wiki mbili. Kisha mwanafunzi anaingia kwenye mitihani, hapokei simu, na timu inaamua kufanya jambo la kawaida kabisa: kumpa kila mtu nywila ya seva. Hapo ndipo swali la kichwa cha makala hii linapoanza kuuma.

Sentensi moja ya lugha

Dada wa lugha anaona wakulima wanalalamika kwamba majibu ni marefu mno. Wana haki. Anaingia, anaongeza sentensi moja kwenye prompti: "Jibu kwa ufupi, zisizidi sentensi mbili." Anajaribu kwa swali la lini kupanda, jibu linakuja fupi na zuri. Anafunga kompyuta.

Jioni hiyo mkulima anauliza: "Nina kilo 160 za ufuta, nitapata ngapi?" Jana chatiboti ingejibu kwamba bei ya mnada uliopita ilikuwa shilingi 3,000 kwa kilo, kwamba mnada ujao bei inaweza kupanda au kushuka, kwamba bei hiyo ni kabla ya makato, na kwamba hesabu kamili aipate kwa katibu. Hizo ni sentensi nne. Leo inatakiwa mbili. Kwa hiyo inajibu: "Kwa bei ya 3,000 kwa kilo, utapata shilingi 480,000. Hongera kwa mavuno!"

Angalia kilichotokea. Hakuna aliyegusa mstari unaohusu bei. Hakuna aliyeondoa onyo la makato. Bado limeandikwa kwenye prompti vilevile. Lakini modeli imepewa maagizo mawili yasiyoweza kutimizwa pamoja, ikachagua moja. Onyo ndilo lililotupwa.

Tuseme makato yote ni shilingi 250 kwa kilo. Mkulima atalipwa 440,000. Yeye alishaambiwa 480,000, na ameandikiwa kabisa kwenye simu, anaweza kumwonyesha mtu. Zile 40,000 kwake hazijakatwa, zimeibiwa, na mwizi ni katibu. Msimu ujao wanunuzi wa kangomba, wale wanaofuata mzigo shambani na kulipa taslimu nje ya mnada, hawatahitaji kumshawishi sana.

Nimeurefusha mfano huu kwa sababu unavunja wazo ambalo karibu kila timu huanza nalo: kwamba prompti inaweza kugawanywa kama shamba, mistari ya lugha ni ya mtu wa lugha, mistari ya bei ni ya katibu, kila mtu alime kwake. Mgawanyo huo una faida yake, nitaurudia, lakini prompti yote husomwa pamoja. Sentensi ya lugha inaweza kuua sentensi ya bei bila kuigusa. Kwa hiyo idhini haiwezi kutegemea tu ni mstari gani umebadilika. Inabidi itegemee majibu gani yamebadilika.

Mkaguzi asome majibu

Watu wa programu wamezoea kukagua mabadiliko kwa kuangalia mistari iliyoongezwa kwa kijani na iliyofutwa kwa nyekundu. Kwa prompti hiyo haitoshi. Ukimwonyesha afisa ugani mstari wa kijani unaosema "zisizidi sentensi mbili", ataona nini? Ataona jambo jema, ataidhinisha, na mimi ningeidhinisha pia.

Kinachosaidia ni hiki. Timu inakaa mara moja na kuandika maswali ya majaribio, tuseme 30, kwa maneno ambayo wakulima wenyewe hutumia kwenye simu, pamoja na makosa yao ya tahajia. Kila toleo jipya la prompti linajibu maswali hayo yote kabla halijaenda hewani, na mkaguzi anapewa majibu mawili ubavu kwa ubavu, la zamani na jipya. Hapo afisa ugani hahitaji kujua chochote kuhusu modeli. Anaona kwamba jana jibu lilitaja makato na leo halitaji. Atakataa, na ataweza kusema kwa nini.

Jambo moja la kiufundi ambalo ni rahisi kulisahau: modeli haijibu sawasawa kila mara. Swali lilelile, prompti ileile, jibu linaweza kutofautiana. Ukiuliza mara moja tu na onyo la makato likatokea, hujathibitisha chochote. Uliza kila swali mara tano. Onyo likitokea mara tano kwa toleo la zamani na mara tatu kwa jipya, tayari una habari mbaya, hata kama ukichukua jibu moja moja utaona yapo mazuri.

Basi, nani aidhinishe? Kwa timu hii ningegawa hivi. Pendekezo la kubadilisha prompti anaweza kulileta yeyote kati ya watano. Aliyeliandika haruhusiwi kuliidhinisha. Majibu ya maswali yanayohusu fedha na mnada lazima yapitiwe na katibu, na yale ya kilimo na viuatilifu na afisa ugani, bila kujali ni mstari gani uliobadilishwa. Swali la mkulima ndilo linaloamua mkaguzi, siyo mahali pa mstari. Kiongozi wa mradi simpi nafasi ya kuidhinisha, najua wengine hawatakubaliana nami. Yeye ndiye mwenye haraka zaidi, kwa sababu ndiye anayeahidi wafadhili, na akiwa na cheo pamoja na kitufe, wengine wataacha kusoma.

Kufuli liwe mlangoni

Utaratibu huu ukiandikwa kwenye karatasi tu, yatatokea ya Grok: upo, na unarukwa. Ili uwe na meno, faili ya prompti iondoke kwenye seva na ikae kwenye hifadhi ya programu kama GitHub, na tawi kuu lifungwe. Kuna faili maalumu ya kutaja wenye faili, inaandikwa hivi:

```
/prompti/        @katibu-amcos @afisa-ugani
/majaribio/      @afisa-ugani
/CODEOWNERS      @katibu-amcos
```

Kuiandika tu hakufungi chochote. Ni lazima kwenye mipangilio ya tawi uwashe `Require review from Code Owners`. Na hata hapo ujue kwamba mstari wenye majina mawili hauhitaji wote wawili. Mmoja akiidhinisha, umepita. Ukitaka wote, weka masharti ya fedha na ya kilimo kwenye faili mbili tofauti, kila moja na mwenyewe. Huo ndio ule mgawanyo wa shamba niliosema nitaurudia, na faida yake ni hiyo. Kumbuka tu kwamba mashine inajua faili, haijui maswali ya wakulima. Ile kanuni ya kwamba swali ndilo linaloamua mkaguzi mtaisimamia wenyewe, kwa kutopokea pendekezo lisiloambatanishwa majibu yake.

Mpangilio wa pili ninaoupenda zaidi ni `Dismiss stale pull request approvals when new commits are pushed`. Bila huo, mtu anaweza kuomba idhini kwa sentensi isiyo na neno, akaipata, kisha akaongeza sentensi nyingine kwenye pendekezo lilelile, na idhini ya kwanza ikabaki inahesabika. Mara nyingi hafanyi kwa hila. Anakuwa ameona kosa dogo la herufi, akarekebisha, na "wakati nipo hapa" akaongeza na jambo jingine.

Mlinde pia mlinzi. Ndiyo maana faili ya CODEOWNERS yenyewe ina mwenyewe. Na msimamizi wa hifadhi huwa anaruhusiwa kuruka kufuli zote hizi mpaka uwashe `Do not allow bypassing the above settings`.

Hata ukifanya yote hayo, yule mwanafunzi bado ana funguo za seva. Akitaka, anaweza kuingia usiku na kubadilisha kinachosomwa na modeli bila kupita GitHub. Katika timu ya watu watano hili huwezi kulizuia kabisa. Kuna mtu lazima awe na funguo. Unachoweza ni kuhakikisha haliwezi kufanyika kimya. Seva, kila inapoanza kutumia prompti tofauti na ya jana, itume ujumbe kwenye kundi la timu: toleo gani, saa ngapi, nani ameidhinisha. Ujumbe ukifika saa tisa usiku hauna jina la aliyeidhinisha, watu wanne wanajua asubuhi. Grok walioligundua tatizo hadharani walikuwa watumiaji wa X, tena kwa kuona majibu.

Kurudi nyuma kuwe rahisi kuliko kwenda mbele

Turudi kwa yule mkulima wa kilo 160. Tuseme maswali ya majaribio hayakuwa na swali la aina yake, toleo la 14 likapita ukaguzi kwa halali, likaenda hewani Ijumaa. Jumatatu asubuhi katibu ana wakulima watatu mlangoni wenye simu mkononi. Mwanafunzi yuko kwenye mtihani. Afanye nini?

Hapa kanuni ni kinyume cha ile ya juu. Kwenda mbele kunahitaji idhini. Kurudi nyuma kusihitaji. Yeyote kati ya watano anaweza kurudisha toleo lililotangulia, peke yake, bila kueleza kwanza. Hatari ni ndogo kwa sababu toleo la 13 liliwahi kuidhinishwa na lilikuwa hewani wiki iliyopita. Asichoweza ni kuandika kitu kipya kwa jina la kurudi nyuma.

Na iwezekane kwa simu. Katibu wa AMCOS katikati ya msimu hana kompyuta mezani, ana ndoo ya sampuli na mizani. Atume neno moja kwenye namba ya usimamizi:

```
RUDISHA
```

na ajibiwe kwa mstari mmoja: `Toleo 13 liko hewani. Toleo 14 limefungwa.` Neno "limefungwa" lina kazi yake. Bila hilo, mwanafunzi akitoka kwenye mtihani anaweza kuona toleo la 14 halipo hewani, akadhani ni hitilafu, akalirudisha.

Ili hili liwezekane, matoleo ya zamani yasifutwe wala kuandikwa juu yake. Kila toleo linabaki lilivyo, na kuna mahali pamoja tu panaposema lipi liko hewani. Kurudisha ni kubadilisha tarakimu moja hapo, kutoka 14 kwenda 13. Anayeanza kutafuta maneno ya zamani kwenye ujumbe wa WhatsApp ili ayaandike upya hajarudi nyuma, ametengeneza toleo la 15 lisilokaguliwa.

Toleo pia lisiwe prompti peke yake. Tabia ya chatiboti inatokana na prompti pamoja na modeli iliyoisoma na mipangilio yake. Ukirudisha prompti ya mwezi uliopita huku modeli imebadilishwa na mwenye nayo, hujarudi mwezi uliopita. Kwa hiyo kila toleo liandike jina kamili la modeli lililojaribiwa nalo, siyo jina la jumla linalohama kila mwenye modeli anapoisasisha. Kurudisha modeli nako ni kazi tofauti. Aprili 2025 OpenAI walipogundua kwamba toleo jipya la GPT-4o lilikuwa linawasifia watumiaji kupita kiasi, kwanza walirekebisha prompti ili kupunguza makali haraka, kisha wakaanza kurudisha modeli ya zamani, na kazi hiyo ya pili ilichukua takriban saa 24.

Ambayo kitufe hakirekebishi

Katibu ametuma neno, toleo la 13 limerudi. Mkulima wa kilo 160 anaandika tena: "Kwa hiyo ni 480,000 kweli?" Na chatiboti, ikiwa na prompti nzuri ya zamani, ina uwezekano mkubwa wa kujibu: "Ndiyo."

Kwa nini? Kwa sababu modeli haisomewi prompti tu. Kila ujumbe mpya unapokuja, inasomewa na mazungumzo yaliyotangulia, pamoja na majibu yake yenyewe. Inaona kwamba juzi ilisema 480,000, na huwa inaegemea kukubaliana na ilichokwisha kusema. Toleo la 14 limeondoka kwenye seva lakini bado limo ndani ya mazungumzo ya kila aliyejibiwa nalo. Dawa ni kwamba amri ya kurudisha ikate pia historia: kwa kila mkulima aliyepata jibu kutoka toleo lililofungwa, mazungumzo yaanze upya.

Utawajuaje? Kila jibu linapohifadhiwa kwenye kumbukumbu, lihifadhiwe na namba ya toleo lililolitoa. Ukiwa nayo, swali ni la mstari mmoja:

```
SELECT simu FROM majibu
WHERE toleo = 14 AND mada = 'bei';
```

Ukiwa huna, utakisia kwa saa, na saa zinadanganya. Seva nyingi huhifadhi prompti kwenye kumbukumbu ya muda ili zisiisome upya kila mara, kwa hiyo dakika kadhaa baada ya kurudisha, baadhi ya majibu bado yatatoka toleo la 14. Na tafadhali usiiulize chatiboti yenyewe inatumia toleo gani. Haijui, na itakujibu kwa kujiamini.

Orodha ikipatikana, wale wakulima wanastahili kuambiwa. Hapa kuna kikwazo cha WhatsApp ambacho ni vizuri ukijue mapema: akaunti ya biashara inaweza kumwandikia mtu chochote ndani ya saa 24 tangu yeye aandike mara ya mwisho. Zikipita, unaweza kutuma tu ujumbe wa kiolezo ambacho WhatsApp walishakiidhinisha. Aliyeuliza Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi yuko nje ya dirisha. Kwa hiyo kiolezo cha masahihisho kiombewe idhini kabla ya msimu, wakati hakuna kosa lolote: "Jibu tulilokupa tarehe fulani kuhusu bei halikuwa kamili. Bei ya mnada ni kabla ya makato. Tafadhali mwone katibu wa chama chako." Tarehe ndiyo pekee inayojazwa siku hiyo.

Mambo ya haraka

Utaniuliza, je, mvua ikikata barabara na mnada ukaahirishwa usiku, tusubiri maswali 30 mara tano? Bonde la Rufiji linajua mafuriko. Ya Aprili 2024 hayajasahaulika. Jibu langu ni kwamba tarehe ya mnada haikupaswa kuwa kwenye prompti tangu mwanzo. Tarehe, bei, namba ya simu ya ghala, vyote hivyo vikae kwenye jedwali la pembeni ambalo chatiboti inalisoma, na katibu alibadilishe mwenyewe saa yoyote bila idhini ya mtu. Kinachotakiwa hapo ni ukaguzi wa mashine: bei ikiandikwa 30,000 badala ya 3,000, jedwali likatae na kuuliza mara ya pili, tarehe iliyokwisha kupita isipokewe. Ukiviondoa hivyo kwenye prompti, utashangaa jinsi sababu za kuigusa zinavyopungua. Zinabaki zile za kubadilisha tabia, na hizo ni nadra kuwa na haraka ya kweli.

Kwa zile chache zenye haraka, ruhusu njia ya mkato yenye mwisho: watu wawili wakubaliane kwa simu, majina yao yaandikwe, badiliko liende hewani, na baada ya saa 24 lijiondoe lenyewe na toleo lililokaguliwa lirudi, isipokuwa likiwa limepitia ukaguzi kamili. Badiliko la dharura lisilo na mwisho hubaki mle hadi msimu mwingine, na aliyeliweka anakuwa ameshahamia mradi mwingine.